Ndoo Moja, Sigara Moja

Mjomba wangu ana kipimo chake cha ardhi, na kipimo hicho kinauzwa dukani, ishirini kwa pakiti.

Anachimba kishimo, anamwaga ndoo moja ya maji, anawasha sigara. Maji yakiisha kabla ya sigara, ardhi ni nzuri. Sigara ikiisha kabla ya maji, ardhi ni mbaya, sogea hatua kumi ujaribu tena. Hesabu imekwisha, leteni sururu. Ametumia kipimo hicho kwa miaka ishirini na sita, kwenye shule, nyumba za ibada, nyumba za watu na baa mbili ambazo hataki mke wake azijue. Mafundi wenzake wanamwita Shimo Moja, kwa sababu kwake hakuna uchafu duniani usiomalizwa na shimo moja la duara. Jina lenyewe analipenda. Ameliandika kwenye tangi la pikipiki.

Mimi wananiita Rula. Nilimaliza kidato cha nne, nikafanya mafunzo ya miezi sita, ofisi ya afya ikanipa kazi ya kukagua mifumo ya maji taka. Ndiyo, kuna kazi hiyo. Hapana, sinuki.

Kwa hiyo picha ya asubuhi ile ilikuwa hivi: pikipiki moja, watu wawili, vumbi jingi. Mbele mjomba, fundi mkuu wa mfumo wa maji taka wa zahanati. Nyuma mimi, mpwa wake, niliyelelewa kwake tangu nikiwa na miaka tisa, ninayelala chumba cha uani kwake na kula chungu kimoja na watoto wake, nakwenda kumkagua.

"Utasaini saa ngapi?" aliniuliza akipandisha sauti juu ya injini.

"Nikishapima."

"Kwani mimi sijapima?"

Nilikuwa nimeshika shati lake kwa mikono miwili, na kona ilikuwa inakuja.

*

Zahanati yenyewe ilikuwa jengo refu la matofali ya saruji juu ya kamwinuko. Upande wa kushoto wagonjwa wa siku hiyo walishapanga foleni kwenye benchi. Upande wa kulia palikuwa na wodi mpya ya wazazi: vitanda sita, vyoo vitatu, mabafu mawili, sinki linalong'aa, na kufuli. Kufuli ndilo lililokuwa jipya kuliko vyote. Ofisi ilikuwa imesema wodi haifunguliwi mpaka mfumo wa maji taka upitishwe.

Sista, yaani muuguzi mkuu, alikuwa anatusubiri uani na funguo mkononi. Mwanamke mfupi, shingo imara, macho ya mtu aliyelala kwa saa tatu tu.

"Ndiye huyu?" alimuuliza mjomba, kana kwamba mimi ni kifurushi.

"Ndiye. Mtoto wa dada yangu."

"Basi vizuri, ni mambo ya nyumbani." Akanigeukia. "Fomu unayo? Kalamu hii hapa. Jana nimezalisha mtu kwenye chumba cha sindano, pazia nimelishikilia kwa pini. Kitanda kipya kiko hapo ndani, kimefungwa nailoni. Saini, binti, nifungue mlango."

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Saini."

"Nitapima kwanza."

Alimtazama mjomba. Mjomba alitazama mbingu. Vibarua watatu waliokuwa wamekaa juu ya rundo la kokoto wakaanza kucheka, na mmoja wao, jamaa wanayemwita Spika kwa sababu hakuwahi kusema neno likabaki uani, akapaza: "Rula kaja! Wekeni vichwa sawa, asije akawakuta mmezidi sentimita!"

Nilianza na tangi la maji taka. Nasema kweli, nilitaka tangi liwe bovu. Mtu aliyekuudhi njia nzima unamtakia angalau ufa mmoja.

"Sista, kwa siku mnapokea wagonjwa wangapi wa kurudi nyumbani?"

"Sitini. Siku ya chanjo usiniulize."

"Sitini kwa lita kumi kila mmoja, mia sita. Vitanda sita kwa lita mia moja, mia sita nyingine, maana mzazi anaoga na mashuka yanafuliwa. Wafanyakazi sita kwa lita hamsini, mia tatu. Jumla lita elfu moja na mia tano kwa siku. Tunataka maji yatulie tangini siku mbili, ili kizito kizame na mafuta yaelee. Hiyo ni lita elfu tatu. Ongeza lita elfu moja na mia tano za kukaa tope mpaka gari la kunyonya lije. Elfu nne na mia tano."

Nikaingia tangini na futikamba, maana lilikuwa halijafunikwa. Urefu wa ndani mita mbili na nusu. Upana mita moja na sentimita ishirini. Kina cha maji mita moja na nusu, na juu yake nafasi ya sentimita thelathini ya hewa na povu. Ukuta wa kati umesimama penye theluthi mbili, chumba kikubwa mbele, kidogo nyuma. Bomba la kuingilia na la kutokea yote yana tii za kushuka, viungo vya umbo la T vinavyoelekea chini, ili povu lisipite. Plasta ya ndani laini kama sahani.

Mbili na nusu mara moja nukta mbili mara moja na nusu. Lita elfu nne na mia tano. Hakuzidisha hata kopo.

"Limekaa sawa," nikasema, na ulimi uliniuma.

"Asante, mwalimu," mjomba akasema. "Nilikuwa siwezi kulala."

Vibarua wakaangua kicheko. Niliwaacha wacheke. Nilishaliona shimo.

*

Tangi halisafishi maji, linayapunguzia uchafu tu. Kinachotoka kwenye bomba la mwisho bado ni maji machafu, na lazima yapate ardhi ya kuyanywa polepole. Ardhi hiyo kwa mjomba ilikuwa shimo moja, ndiyo, la duara: upana mita mbili, kina mita tatu na nusu, limejengewa matofali yenye matundu kuanzia bomba mpaka karibu na sakafu. Lilikuwa zuri kutazama. Ungeweza kulipiga picha ya harusi kando yake.

Nikaweka ncha ya futikamba kwenye ukingo wa shimo, nikampa Spika ashike, nikatembea nayo mpaka kisima cha pampu ya mkono ambacho zahanati nzima inakinywa.

"Mita ishirini na moja," nikasema.

"Ni mbali," mjomba akasema.

"Inatakiwa thelathini, na zaidi kama ardhi inapitisha sana. Halafu shimo liko juu, kisima kiko chini. Maji yakipenyeza yatashuka wapi?"

"Yatashuka chini. Maji yote hushuka chini. Hiyo nayo mlifundishwa miezi sita?"

"Chini ya shimo ni kisimani, mjomba."

Hapo akakuna kidevu. Kisha akafanya alichokuwa akisubiri kufanya tangu asubuhi. Alienda mpaka kwenye kishimo chake cha majaribio, hatua tatu kutoka shimo kubwa: mita moja chini, na kwenye sakafu yake tundu la mraba, sentimita thelathini kila upande. Kilichimbwa vizuri, hilo pia nilikuwa sina la kusema. Akaita ndoo.

"Sogeeni wote," alisema. "Na wewe Sista, sogea. Mtoto wa dada yangu anataka kupima. Tupime."

Ndoo ya lita ishirini ikamwagwa. Kiberiti kikalia. Mjomba akavuta moshi wa kwanza taratibu kama mtu anayepigwa picha. Tukainama wote. Maji yalikuwa yanashuka mbele ya macho yetu, shwaa, kama yanavutwa na mtu aliye chini. Sigara haikufika katikati. Tundu lilikuwa tupu, na udongo wake mweusi unang'aa.

"Nusu sigara!" Spika akapiga kelele. "Nusu! Rula, andika hiyo!"

Wakamshangilia. Hata Sista alitabasamu, kwa mara ya kwanza na ya mwisho siku hiyo. Mjomba akanipulizia moshi begani.

"Kalamu," akasema.

Niliinama nikatazama ardhi tuliyosimama. Udongo mweusi, wa mfinyanzi, miezi minne haujaona mvua. Ulikuwa umepasuka kila mahali, nyufa zilizoweza kumeza sandali. Moja ilipita kutoka ukingoni mwa kishimo mpaka chini ya mguu wa mjomba.

"Maji hayajanywewa na udongo," nikasema. "Yameingia kwenye nyufa. Udongo huu ukilowana unavimba, nyufa zinafunga. Hapa maji taka yataingia kila siku, hapatakauka tena. Lazima tuuloweke kwanza mpaka kesho, ndipo tupime."

"Kuloweka?" Mjomba aligeukia hadhira yake. "Mmesikia? Anataka kuloweka ardhi. Kama maharage! Kesho atatuambia tuitie chumvi."

Kicheko. Nilisubiri kiishe, na kilichukua muda, kwa sababu Spika alikuwa anakirudia.

"Nitaloweka hicho chako," nikasema, "na nitachimba viwili vingine kule kiwanja cha chini, mbali na kisima. Kama shimo likishindwa, nijue maji tunayapeleka wapi."

Tabasamu la Sista likafutika. "Kiwanja cha chini ni cha nyumba yangu," alisema. "Miaka mitano napanga chumba kimoja sokoni. Ramani imeshapita. Usinichimbie vishimo kwenye sebule yangu."

"Nachimba viwili tu, Sista."

"Hao walioleta kufuli nao walisema kufuli moja tu."

Mjomba alizima sigara kwa kisigino. Aliposema tena hakupaza sauti, na vibarua wakaacha kucheka bila kuambiwa.

"Nikuambie kitu mbele ya watu, ili usije ukasema hukusikia. Mashimo yangu yako kila kona ya eneo hili. Ukiandika kwamba hili halifai, umeandika kwamba yote hayafai. Nimekulisha, nimekusomesha, hiyo rula unayonitambia nayo nilikununulia mimi. Andika unachotaka. Lakini ukikiandika, usikanyage mlango wangu. Godoro lako utalikuta nje."

Hapo kila kitu kilikuwa wazi. Fomu ilikuwa na nafasi ya sahihi moja, na sahihi ile ilikuwa inalala chumba cha uani kwake.

"Nipe ndoo," nikamwambia Spika.

*

Nilimwaga maji mchana kutwa. Kuloweka si kumwaga na kuondoka, ni kujaza, yakishuka unajaza tena, mpaka udongo ushibe. Nilipiga pampu ya kisima, nikabeba ndoo, nikajaza vishimo vitatu kwa zamu. Chini ya kila tundu nilitandaza kokoto ndogo sentimita tano ili maji yasichimbue sakafu. Mikono ilitoka malengelenge mahali ambapo kalamu huwa haifiki. Mjomba aliondoka saa tisa na pikipiki, hakuniuliza kama napanda. Nilimaliza jioni, nikaomba benchi kwa Sista, akanipa la wagonjwa na shuka moja, na maneno: "Usidhani nimekusamehe."

Kabla hawajafika asubuhi nilishuka kwenye shimo kubwa kwa ngazi. Nilitaka kuutazama ukuta karibu na sakafu, mahali ambapo hakuwa amejengea tofali. Kwa mita tatu za mwanzo udongo ulioonekana kwenye matundu ya matofali ulikuwa mweusi, kisha kahawia. Kutoka mita tatu kwenda chini ulibadilika: kijivu, na madoa mekundu kama kutu. Madoa hayo ndiyo daftari la ardhi. Yanaonyesha mahali ambapo maji ya chini hupanda kila masika na kushuka kila kiangazi. Sakafu ya shimo la mjomba ilikuwa nusu mita ndani ya maji ambayo hayajafika bado.

Nilipopanda juu, mjomba alikuwa amesimama ukingoni, ananitazama kama mtu aliyemkuta mtu chumbani kwake.

"Umepata hazina?"

"Nimepata maji ya masika."

"Masika ni mwezi wa tatu." Akatoa pakiti mfukoni, akaitikisa. "Njoo tumalize hili, nina kazi za watu."

Kwenye kishimo chake maji ya usiku yalikuwa bado yamebaki vidole vinne. Nilimwona akiyaona. Akayachota kwa kopo mpaka kokoto zikaonekana, akaita ndoo ile ile, akaimwaga mwenyewe, akawasha.

Tukainama wote, kama jana.

Sigara ya kwanza ikaisha. Maji yalikuwa yametulia kama ya kwenye beseni. Inzi alitua juu yake, akajipangusa miguu.

"Ya kwanza hiyo ilikuwa na unyevu," Spika akasema kwa sauti ambayo kwake ni mnong'ono. "Inawaka haraka."

Mjomba akawasha ya pili. Sista akatoka na sinia la vifaa. "We baba! Hapa ni zahanati! Zima sigara!"

"Hii si sigara, Sista. Ni kipimo."

"Kipimo kitakutoa mapafu!"

"Mwache," nikasema. "Nahitaji matokeo yake."

Mjomba akanitupia jicho ambalo lingeweza kukausha plasta. Akawasha ya tatu kwa moto wa ya pili.

Mimi niliwaacha, nikashuka kiwanja cha chini kwenye vishimo vyangu. Niliweka maji sentimita kumi na tano juu ya kokoto, nikachomeka rula kwenye ubao, nikashika saa. Dakika thelathini. Nikasoma, nikajaza tena, dakika thelathini, nikasoma, mpaka namba zilipoacha kubadilika. Kishimo cha kwanza, milimita kumi na saba kwa nusu saa. Cha pili, kumi na tano. Huo ni udongo mzito, lakini si maiti. Unakunywa, ila unakunywa kama mgonjwa, kijiko kwa kijiko.

Niliporudi juu, uani palikuwa kimya. Mjomba alikuwa amechuchumaa, macho mekundu, anakohoa. Vichungi viliviringika pembeni mwa kishimo. Nilivihesabu kwa kidole, polepole, kwa sababu nina roho mbaya pia: kumi na moja. Pakiti ilikuwa tupu.

Nikaingiza rula. Ndoo nzima, sigara kumi na moja, na maji yalikuwa yameshuka vidole viwili.

"Nani ana sigara?" mjomba akauliza bila kuinua kichwa.

Hakuna aliyekuwa nayo. Spika alikuwa nayo, ilionekana mfukoni mwa shati, lakini kwa mara ya kwanza maishani alifunga mdomo.

Nilipunguza maji mpaka sentimita kumi na tano, nikasoma kama nilivyosoma kule chini. Nusu saa, kisha nusu saa tena, mpaka namba ikakaa: milimita kumi na nne. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, na hiyo ndiyo unayoitumia, kwa sababu maji taka hayachagui kona nzuri ya udongo.

"Udongo huu utachukua lita kumi kwa kila mita moja ya mraba kwa siku," nikasema. "Ukuta wa shimo lako, kutoka bomba kwenda chini, ni mita za mraba kumi na tisa hivi. Litanywa lita mia na tisini. Sista atalimwagia elfu moja na mia tano."

"Shimo ni kubwa. Litatunza."

"Litatunza wiki moja. Siku ya nane maji yanarudi kwenye bomba, yanajaza tangi, yanatafuta tundu la chini kuliko yote. Unalijua lilipo?"

Aliyejibu ni Sista, sinia bado mikononi. "Bafu la wodi."

"Bafu la wodi. Hapo ndipo mzazi atakuwa amesimama."

Mjomba akasimama. "Mashimo ya miaka ishirini na sita," akasema. "Nionyeshe moja lililomrudia mtu."

Sikutaka kulisema. Hapana, nadanganya. Nililitaka tangu jana. "Shule ya juu. Umelirudia mara ngapi?"

"Watoto wanatupa mawe!"

"Mara ngapi, mjomba?"

Spika alitazama viatu vyake. Yeye ndiye aliyechimba shimo la pili la shule, na la tatu. Yote masika, la kabla yake likiwa limefurika. Mjomba alimtazama, kisha akawatazama wale wawili wengine, na kila mmoja akapata kitu cha kushughulikia kwenye mpini wa koleo.

Nilijaza fomu juu ya mfuniko wa ndoo. Tangi: linafaa. Shimo la kunyonya: halifai, lifukiwe. Badala yake mitaro mitano kiwanja cha chini, kila mmoja mita ishirini, chini ya kisima kwenye mteremko, si juu yake. Nilipima kutoka mtaro wa karibu: mita thelathini na nne. Kina mita moja na sentimita ishirini, kwa hiyo kati ya sakafu ya mtaro na madoa ya kutu inabaki karibu mita moja na sentimita themanini za udongo mkavu wa kuchuja. Kokoto chini ya bomba sentimita sabini na tano. Kuta mbili za mtaro, sabini na tano kila upande, mita mia moja jumla: mita za mraba mia na hamsini. Mia na hamsini kwa lita kumi. Elfu moja na mia tano.

Nikasaini. Jina langu lilionekana refu kuliko kawaida.

"Nyumba yangu," Sista alisema.

"Itasogea juu, upande wa lango. Juu ya mitaro haijengwi kitu, wala haipiti gari."

"Upande wa lango kuna kelele za bodaboda mpaka alfajiri."

"Najua."

"Hujui. Wewe unapima tu na kuondoka." Akaondoka na sinia lake. Kisha akarudi hatua mbili. "Mitaro ni siku ngapi?"

"Wiki mbili, wakichimba kweli."

Alimgeukia mjomba. "Umesikia? Wiki mbili. Chimba."

Mjomba hakunitazama. Alipachika miguu kwenye pikipiki, akaipiga teke mara tatu ikawaka, akanipita. Nilipofika nyumbani kwa miguu godoro lilikuwa nje, limekunjwa na kufungwa kamba. Kamba ilikuwa ya ujenzi, fundo la fundi, zuri, lisilofunguka bila kisu.

*

Nilipanga chumba sokoni, mlango wa pili kutoka kwa Sista, ambaye aliliona godoro likipita na kusema tu, "Paa linavuja upande wa dirisha."

Mjomba alikuja kuchimba, hilo nimpe. Ofisi ilimwambia achimbe au aache kazi, na mjomba hajawahi kuacha kazi katikati. Lakini alichimba kwa uadui. Kwa wiki mbili hakuniambia neno. Yote yalipitia kwa mtu mwingine.

"Spika, mwambie mwenye rula asogee, kivuli chake kinaangukia kamba."

"Rula, mjomba anasema usogee, kivuli..."

"Nimesikia."

"Kasikia, mjomba."

Sakafu ya mtaro lazima ilale sawa, la sivyo maji yote hukimbilia ncha moja na kuizamisha. Nilikuwa nimepiga vigingi kwa pima maji ya sentimita sitini. Mjomba alivitazama, akatema mate pembeni, akaleta mpira wake mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, akaujaza maji, ambayo hulingana kwenye ncha zote mbili, ncha moja kwa Spika, ncha nyingine kwake.

"Mwambie," akasema akiwa bado ameinama, na sauti yake ilikuwa na sherehe ndani yake, "kigingi cha tano kimepanda sentimita mbili. Mbili! Kwa hii ya kwake, mtaro wa tatu ungekuwa unajaza wa pili. Mwambie aandike kwenye fomu."

Nilikwenda, nikatazama maji kwenye mpira. Sentimita mbili kamili. Nilikipiga nyundo kigingi mpaka kikakaa, mjomba akisimama juu yangu akifurahi kuliko siku aliyomwozesha binti yake. Na kwenye fomu nikaandika. Marekebisho: fundi mkuu.

Alipoiona hiyo karatasi kwenye ubao wa matangazo wa zahanati aliisoma mara mbili, akauliza kwa sauti nani anaruhusu uchafu kubandikwa ukutani, na hakuibandua.

Wodi ilifunguliwa Jumatatu. Sista aliikata nailoni ya kitanda kwa mkasi wa kitovu. Hakunialika. Nilisikia kupitia ukutani, maana kule sokoni kuta ni za mbao.

Masika yaliingia kwa nguvu. Nilikwenda kila wiki, nikafungua vifuniko vya mabomba ya ukaguzi ya mitaro, nikachungulia. Maji yalikuwa yanasimama chini ya bomba, yanapanda asubuhi wakati wa kufua, yanashuka jioni. Yananywewa. Kijiko kwa kijiko.

Kiangazi kilichofuata nilipita shule ya juu kwa kazi nyingine. Nyuma ya vyoo nilimwona mjomba amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele yake vishimo vitatu. Vilikuwa vimejaa maji. Mdomoni alikuwa na sigara isiyowashwa. Mkononi alishika kijiti alichokichonga kwa kisu, alama kila nusu sentimita, kwa sababu angekufa kabla ya kununua rula.

"Umeloweka tangu lini?" nikauliza.

"Wewe nani?"

"Mkaguzi."

"Mkaguzi anakuja akiitwa." Akachungulia kishimo. "Tangu jana saa nne."

Nikachungulia pia. Hakunifukuza, ila alisogeza ndoo yake ili nisipate pa kusimama vizuri.

"Chumba chako nimejaza saruji," akasema kwenye maji. "Mifuko kumi na miwili."

"Ikiisha?"

"Nitajaza mingine."

"Sawa."

"Sogea. Kivuli."

Nikasogea. Alichomeka kijiti, akatazama saa, saa ya mkononi, ya kike, bila shaka ya mke wake, na akaanza kuhesabu nusu saa.